Betri ya Teksi Imebakiza Uwezo Kiasi Gani?

Waranti nyingi za magari ya umeme huahidi kwamba betri itabakiza angalau asilimia 70 ya uwezo wake kwa miaka 8 au kilomita 160,000, lolote litakalotangulia. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, kinga hiyo inatosha. Teksi inayokimbia kilomita 300 kwa siku humaliza kilomita hizo kabla ya miaka 2. Ndiyo maana meneja wa teksi anapomwandikia mtengenezaji wa betri, hafai kuulizia waranti. Aombe vipimo.

Lakini kwanza apige hesabu yake. Tuseme betri mpya ina kilowati-saa 60, na gari linakula 15 kwa kila kilomita 100. Kazi ya siku inahitaji 45. Dereva asiikamue betri mpaka tone la mwisho, abakize asilimia 10. Basi anahitaji betri yenye 50, yaani asilimia 83 ya upya wake. Ikishuka chini ya hapo, gari litaegeshwa mchana kuchaji huku abiria wakisubiri. Hasara inaanza hapo, mbali na ile 70 ya waranti.

Barua yake inaweza kusomeka hivi:

“Tulipokea kwenu betri ambazo namba zake tumeziambatisha. Tunaomba uwezo wa kila betri uliopimwa kiwandani kabla ya kusafirishwa, na kumbukumbu za jinsi betri za toleo hilo zinavyopungua kadiri zinavyotumika. Tafadhali tajeni joto la seli wakati wa kipimo na kasi ya kuchaji. Msitupe wastani peke yake. Tuonyesheni pia betri iliyochakaa kuliko zote.”

Joto linatajwa kwa sababu huharakisha mabadiliko ya kikemia yanayoila betri kutoka ndani. Vipimo vingi vya maabara hufanywa kwenye nyuzi 25. Teksi inayochajiwa haraka mchana wa Mombasa, ikarudi barabarani papo hapo, haijui raha hiyo. Na wastani huficha mambo: seli zimeungwa mfululizo, hivyo moja dhaifu ikiishiwa, mfumo hukata umeme hata kama nyingine bado zina chaji.

Meneja naye apeleke vipimo vyake. Asitegemee asilimia 100 ya kwenye dashibodi, kwani hiyo huonyesha tu kwamba betri imejaa kwa kadiri inavyoweza kujaa sasa. Atumie gari mpaka chaji ibaki asilimia 10, alichaji polepole mpaka lijae, kisha aandike kilowati-saa zilizosomwa kwenye chaja. Sehemu yake hupotea kama joto, kwa hiyo idadi hiyo si uwezo halisi. Ila akirudia kila robo mwaka kwa chaja ileile, saa zilezile za alfajiri, ataona inavyoshuka. Gari linaloshuka kwa kasi kuliko wenzake ndilo aandike namba ya betri yake juu kabisa ya kiambatisho.