Linux Inayosasishwa kwa Mkupuo Mmoja

Aliyewahi kutumia Linux kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri anaijua hofu ya umeme kukatika katikati ya masasisho. Distro nyingi za kawaida, Ubuntu ikiwemo, hubadilisha faili za mfumo moja baada ya nyingine huku mfumo huohuo ukiwa kazini. Umeme ukikatika wakati nusu ya vifurushi vimeshaingia, mashine hubaki na mchanganyiko wa vya zamani na vipya. Ikiwa na bahati itawaka na kudai uandike amri ya kumalizia kazi iliyokatika. Ikikosa bahati, haifiki hata kwenye eneokazi.

Zipo distro zilizoundwa kuepusha hali hiyo. Huitwa distro za atomiki kwa kuwa sasisho ama huingia lote ama haliingii kabisa, na huitwa pia distro zisizobadilika kwa kuwa sehemu yenye mfumo wenyewe imefungwa isiandikwe. Ziko kadhaa. Kifaa cha michezo cha Steam Deck, kilichoanza kuuzwa mwaka 2022, kinatumia mojawapo. Hapa tutaangalia Fedora Silverblue, ambayo imekuwepo kwa jina hilo tangu 2018 na inamfaa mtu wa kazi za kawaida za ofisini na nyumbani.

Mfumo umefungwa, kazi zako ziko wazi

Katika Silverblue, programu za mfumo zinakaa kwenye folda ya `/usr`, na folda hiyo ni ya kusomwa tu. Ukijaribu kuweka faili humo, hata kwa mamlaka ya msimamizi, utakataliwa:

```
$ sudo touch /usr/jaribio
touch: cannot touch '/usr/jaribio': Read-only file system
```

Nyaraka, picha na muziki wako havihusiki na kufuli hilo. Vimewekwa mbali, ndani ya `/var/home`, na unaviandika na kuvifuta upendavyo. Mipangilio ya mashine nayo, iliyo kwenye `/etc`, inaweza kubadilishwa.

Sasa mfumo uliofungwa unasasishwaje? Unasasishwa kwa kuandaa mfumo mwingine kando yake, mfano wa fundi anayejenga nyumba mpya ubavuni mwa ile unayoishi, nawe ukahamia siku imekamilika. Unaweza kubofya kitufe cha kusasisha kwenye duka la programu, au kuandika amri hii:

```
rpm-ostree upgrade
```

Kompyuta hupakua faili zilizobadilika tu, na zile ambazo hazikubadilika hutumiwa na mifumo yote miwili, kwa hiyo diski haijai maradufu. Wakati huo wote wewe unaendelea kuandika barua yako kwenye mfumo wa zamani, ambao haujaguswa. Umeme ukikatika, mfumo mpya ndio unaobaki haujakamilika, na mashine itawaka kwa ule wa zamani kama kawaida. Kazi ikikamilika, unaizima kompyuta na kuiwasha upya, nayo inaingia kwenye mfumo mpya. Kuwasha upya huko hakukwepeki, maana kabla ya hapo sasisho halijaanza kufanya kazi.

Programu inawekwa wapi?

Hapa ndipo mazoea ya zamani yanapobadilika zaidi. Kwenye distro ya kawaida kila programu humwagwa ndani ya mfumo. Kwenye Silverblue unajiuliza kwanza programu hii ni ya namna gani.

Programu za kila siku, kama kivinjari, kicheza video au LibreOffice, huwekwa kwa njia ya Flatpak, mara nyingi kutoka ghala la Flathub. Unaweza kuzitafuta kwenye duka la programu na kubofya, au ukaandika:

```
flatpak install flathub org.videolan.VLC
```

Programu hiyo haigusi `/usr`, na inafunguka papo hapo bila kuwasha upya. Gharama yake iko kwenye bando. Programu ya kwanza huja pamoja na maktaba zake za msingi, ambazo zinaweza kufika mamia ya megabaiti. Zinazofuata hutumia maktaba hizohizo zikiwa za aina moja, hivyo upakuaji hupungua. Jambo jingine ni kwamba Flatpak huishi ndani ya uzio. Ukiona programu haizioni faili zilizo kwenye flashi yako, usidhani flashi imekufa. Yawezekana programu hiyo haijaruhusiwa kuifikia, na ruhusa hurekebishwa kwa programu ndogo iitwayo Flatseal.

Zana za waandishi wa programu huwekwa ndani ya kontena, kwa amri ya `toolbox create` kisha `toolbox enter`. Humo ndani unasakinisha utakacho kwa `dnf`, na ukiharibu unafuta kontena na kuunda jingine.

Kuna vitu ambavyo lazima viungane na mfumo wenyewe, kama viendeshi vya kadi za NVIDIA au zana fulani za eneokazi. Hivyo huongezwa juu ya mfumo kama tabaka:

```
rpm-ostree install gnome-tweaks
```

Baada ya hapo unawasha upya. Tumia njia hii kwa uchache. Kila tabaka huongeza muda wa kusasisha, na kifurushi kimoja kisipopatana na toleo jipya, sasisho lote hugoma. Ukiona masasisho yanakataa kila siku, anza kuchunguza matabaka uliyoongeza. Hata hivyo mashine yako itaendelea kufanya kazi ilivyokuwa.

Sasisho likileta kasoro

Tuseme umesasisha jana, na leo Wi-Fi haionekani. Zima na uwashe upya, kisha kwenye menyu ya kuwashia chagua mstari wa pili, ambao ni mfumo uliotangulia. Menyu isipojitokeza, bonyeza Esc mashine inapoanza kuwaka. Wi-Fi ikirudi, umejua kosa liko kwenye sasisho wala si kwenye kifaa. Ukiwa humo, andika:

```
rpm-ostree rollback
```

Amri hii inaufanya mfumo uliomo uwe ndio wa kuwakia kila mara. Kwa kawaida mifumo miwili tu ndiyo hutunzwa, kwa hiyo ukiwa na mfumo unaouamini na hutaki ufutwe, ubanie kwa `sudo ostree admin pin`, ukifuatisha namba yake. Orodha ya mifumo utaiona kwa `rpm-ostree status`. Iliyo juu kabisa ina namba 0, na yenye alama ya nukta ndiyo unayoitumia sasa.

Lakini kurudi nyuma huko kunahusu mfumo tu. Barua uliyoifuta jana hairudi, na diski ikifa inakufa na kila kitu. Nakala za akiba bado ni jukumu lako.

Katika kusakinisha Silverblue kwa mara ya kwanza, njia salama ni kuiachia diski nzima na kukubali mgawanyo inaoufanya yenyewe. Mwenye Windows asiyotaka kuiacha atafute diski ya pili. Naye anayetegemea programu maalumu isiyo kwenye Flathub, au anayependa kuchokonoa mfumo kila siku, abaki na distro ya kawaida. Kwa mtu anayetaka kompyuta ya kuandikia, kusomea na mtandao, hasa pale umeme usipotabirika na fundi yuko mbali, Silverblue ndiyo Linux ninayoipendekeza kwanza.