Kukata Picha kwa Mapigo ya Ngoma

Tuchukue wimbo wa Bongo Fleva wenye mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja huchukua sekunde 0.6, na kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 15. Mhariri chipukizi hukata kila baada ya fremu 15. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, mtazamaji ameshajua mkato ujao utaangukia wapi, na video inawaka na kuzima kama indiketa ya gari.

Mhariri mzoefu huweka alama kwenye mapigo yote, kisha huacha mengi yapite. Kwenye ubeti, shoti moja inaweza kukaa fremu 120, yaani mapigo manane, huku kinachoangukia pigo kikiwa kitendo ndani ya picha: mguu wa mchezaji unaokanyaga sakafu, au mlango unaobamizwa. Kiitikio kikiingia, mikato huongezeka.

Mara nyingi mkato wenyewe husogezwa fremu moja au mbili kabla ya pigo, ili jicho liwe limeshaipokea picha mpya ngoma inapolia.

Katika filamu ya Baby Driver ya 2017, nyimbo zilichaguliwa kabla ya kamera kuwashwa, na mhariri Paul Machliss alihariri palepale walipokuwa wakirekodi. Hivyo kitendo kilichopishana na mdundo kiligundulika waigizaji wakiwa bado wapo.