Panya Sita Hawatoshi

Mtafiti wa ubongo anataka kupima dawa ya kumbukumbu. Panya wataogelea kwenye beseni mpaka wapate jukwaa lililofichwa chini ya maji. Ameomba panya sita wapewe dawa na sita wasipewe. Kamati ya maadili inamrudishia ombi: panya ni wachache mno.

Inashangaza, maana kwa kufuata kanuni walizoandika Waingereza Russell na Burch mwaka 1959, kamati huuliza kama mnyama anaweza kuepukwa kabisa, kama idadi inaweza kupunguzwa, na kama mateso yanaweza kupunguzwa. Lakini idadi ndogo lazima iweze kutoa jibu. Tuseme dawa inafupisha utafutaji kwa sekunde 10, na mkengeuko wa kawaida baina ya panya ni sekunde 10 vilevile. Kwa sita kila upande, uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo ni kama mmoja kati ya mitatu. Ili ufike asilimia 80, wanahitajika 17 kila upande. Kwangu, kuua 12 bila kupata jibu ni kosa kubwa kuliko kutumia 34.

Wengine hupima seli 20 kwa kila panya, kisha wakadai wana sampuli 240. Seli za panya mmoja hufanana. Kinachohesabiwa ni panya.

Na kwa nini panya? Seli kwenye kisahani hazitafuti njia. Nyani naye hahitajiki, kwa kuwa hipokampasi ya panya hufanya kazi hiyohiyo. Mtafiti aeleze pia atakavyomkausha na kumpasha joto kila muogeleaji.