Malipo Yanazunguka Bila Kukamilika? Angalia Kama Umeacha VPN Imewashwa

Uko kwa duka pale Umoja, umechukua unga, mafuta na maziwa, jumla shilingi 540. Umeweka PIN, na sasa apu inazungusha tu kale kaduara. Mwenye duka anakuangalia, foleni nyuma yako inaongezeka. Unafunga apu, unaifungua, unalipa tena. Dakika moja baadaye meseji mbili zinaingia kwa pamoja: umelipa mara mbili.

Tunapowasaidia wateja wenye tatizo kama hili, huwa tunauliza kwanza: je, una VPN kwenye simu? Wengi hujibu kwamba wanayo lakini walishaisahau. Novemba 2024, Telegram ilipozuiwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE, watu wengi waliweka VPN ili waendelee kuitumia. Mtihani uliisha, lakini kwenye simu nyingi VPN ilibaki ikiwaka.

Kwa nini inapunguza kasi

Bila VPN, ombi lako la kulipa linatoka Umoja hadi kwenye seva inayolishughulikia, na jibu linarudi. Kama seva hiyo iko Nairobi, safari ni fupi sana. Ukiwasha VPN iliyochagua seva ya New York, ombi lile lile linashuka hadi Mombasa, linapita kwenye nyaya za chini ya bahari hadi Marekani, kisha linarudi Nairobi. Jibu nalo linapitia huko huko kabla ya kukufikia. Ni kama kutoka Umoja kwenda Donholm kwa kupitia Kisumu, kwenda na kurudi.

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 ukipima moja kwa moja, na nyaya zenyewe ni ndefu zaidi. Ombi na jibu vinaivuka njia hiyo mara nne. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo mzunguko mmoja hauwezi kuchukua chini ya robo sekunde, hata mtandao ukiwa mzuri vipi. Na malipo moja yana mizunguko kadhaa: simu na seva kusalimiana, kuthibitishana, kutuma PIN, kupokea jibu. Laini ikiwa dhaifu na vipande vya data vikipotea njiani, sekunde zinazidi kujumlishwa.

Pima VPN ikiwa imezimwa

Kwanza hakikisha kama inawaka. Kwenye Android utaona alama ndogo ya ufunguo juu ya skrini. Kwenye iPhone, fungua Settings, kisha General, halafu VPN & Device Management.

Sasa fungua apu ya Speedtest. Kuna jambo moja ambalo wengi hukosea hapa: Speedtest hujichagulia seva iliyo karibu na mahali inapodhani uko. VPN ikiwa New York, itapima na seva ya New York, na ile safari ya kurudi Nairobi haitahesabiwa. Kwa hivyo bonyeza jina la seva, uchague moja ya Nairobi, na utumie hiyo hiyo kwa vipimo vyote.

Pima mara tatu VPN ikiwa imewashwa na mara tatu ikiwa imezimwa, ukibadilishana. Kaa mahali pamoja na utumie laini moja au waifai moja. Usipime asubuhi ukilinganisha na saa mbili usiku, wakati ploti nzima inatazama video. Andika namba ya Ping, ambayo ni muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, na ya Download, ambayo ni kasi. Tumia namba ya katikati kati ya zile tatu.

Ukizima VPN na intaneti ikatike kabisa, usidhani bando limeisha. Fungua Settings, tafuta neno VPN, bonyeza alama ya gia kando ya jina la VPN yako, na uangalie kama Always-on VPN na Block connections without VPN zimewashwa. Zizime zote mbili.

Kama mambo bado ni polepole hata VPN ikiwa imezimwa, basi VPN haina makosa. Angalia bando, waifai, au mahali uliposimama.

Mfano wetu wa Donholm

Mmoja wetu anaishi Donholm na alipima nyumbani kwake usiku, kwa waifai. Bila VPN alipata Ping ya 14 na kasi ya megabiti 9. Akiwa na VPN ya New York, Ping ilipanda hadi 520 na kasi ikashuka hadi 2.

Akabadilisha seva tu, akaweka Johannesburg, ambayo iko karibu kilomita 2,900 kutoka Nairobi. Ping ilishuka hadi 131, kasi ikafika 5. Kisha akaacha seva hiyo hiyo na kubadilisha itifaki, yaani utaratibu ambao simu na seva ya VPN hutumia kuongea. Alitoka OpenVPN TCP akaenda WireGuard. Ping ilibaki 128, kwa sababu umbali ni ule ule, lakini kasi ilifika 8.

Hapo ndipo somo lilipo: seva ya karibu inapunguza muda wa safari, na itifaki nyepesi inapunguza kazi ya njiani. OpenVPN TCP ni nzito kwa simu kwa sababu kipande cha data kikipotea, tabaka mbili zinaweza kuanza kukituma upya kwa wakati mmoja. WireGuard haina mzigo huo. Lakini kuna waifai zinazoizuia, hasa za ofisi na shule. WireGuard ikikataa kuunganisha kabisa, hapo OpenVPN TCP huenda ikapita, hata kama ni polepole.

Unapochagua seva

Anza na Nairobi ikiwepo, halafu Johannesburg, halafu Ulaya. Marekani na Asia Mashariki ziwe za mwisho. Ila usiamini jina pekee. Kuna seva zinazoandikwa Kenya huku mtambo wenyewe uko Ulaya. Ping itakuambia ukweli: seva ya Nairobi inayokupa Ping ya 300 huenda haiko Nairobi. VPN nyingi za bure hazikuruhusu kuchagua seva, na hapo dawa ni kuizima unapolipa.

Je, kuzima VPN kunaanika PIN yako? Hapana. Apu yetu husimba mawasiliano yake yenyewe kutoka kwenye simu hadi kwenye seva, VPN ikiwepo au isiwepo. Kama hutaki kuizima kila mara, VPN nyingi za Android zina Split tunneling: weka apu ya malipo kwenye orodha ya zile zisizopitia VPN, na nyingine ziendelee kama kawaida.

Na ikitokea umekwama kwa duka leo, usilipe tena kwanza. Zima VPN, fungua historia ya malipo, uone kama ile ya kwanza ilipita. Ikiwa bado inasubiri, mpe mwenye duka dakika chache na umwonyeshe skrini. Ukihitaji kuangalia salio, piga menyu ya USSD, ile ya nyota na reli. Hiyo haitumii intaneti, kwa hivyo VPN haiigusi.