Bei Moja, Sura Tatu

Tuchukue kipeperushi cha muuza viungo wa Zanzibar. Karafuu imeandikwa "Tsh 18,000/=" kwa kilo, iliki "6.500" kwa gramu 100, mdalasini "TZS 3500 (250g)". Msomaji anaelewa zote. Sasa zinakiliwa zilivyo kwenye safu B ya Excel, kisha zinajumlishwa. Jumla inayotarajiwa ni 28,000, lakini kompyuta inatoa 6.5. Herufi na ile "/=" zimeifanya bei ya karafuu na ya mdalasini kuwa maneno, na SUM huyaruka maneno bila kulalamika. Iliki nayo imesomwa kuwa sita na nusu.

Bei zilizogeuka maneno hukamatwa kirahisi, maana hulala upande wa kushoto wa seli ilhali tarakimu hulala kulia. Ya karafuu husafishwa hivi:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"Tsh ",""),"/=",""))
```

Yenye hila ni ile iliki. Kwa Mjerumani au Mtaliano, 6.500 ni elfu sita na mia tano, kwa kuwa kwao nukta hutenga maelfu. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wetu huiona nukta kuwa ya desimali, inaikubali, inailaza kulia kama tarakimu halali. Dawa ni kupanga safu kuanzia bei ndogo, na iliki ya shilingi sita itajitokeza juu kabisa. Usifute nukta zote kwa mkupuo: kilo 2.5 itakuwa kilo 25. Rudi kwenye daftari la bei, uandike upya kwa mkono.

Baada ya hapo, tenganisha. Safu B ibaki na tarakimu tupu, C iwe ya sarafu, D ya uzito kwa gramu. Bei ya kilo itapatikana hivi:

```
=B3/D3*1000
```

Hapa ndipo kipeperushi kinapojiumbua. Iliki iliyoonekana rahisi kuliko karafuu ni 65,000 kwa kilo, na mdalasini ni 14,000. Mteja hakudanganywa, ila alilinganisha gramu 100 na kilo nzima.

Mkato wa maelfu usiuchape ndani ya seli. Mwachie mpangilio wa seli, #,##0, auonyeshe. Kuhusu sarafu, "Sh" peke yake inatosha Darajani. Kipeperushi kikivuka kwenda Mombasa au Kampala, huko nako kuna shilingi, na thamani zake ni mbalimbali. Andika TZS. Ile "/=" ina historia yake ya kuonyesha kwamba hakuna senti, na kwenye risiti ya mkono sina ugomvi nayo, ila kwenye jedwali haina kazi.

Rekebisha jedwali kwanza, ndipo uchukue humo bei za kipeperushi. Anayeanza na kipeperushi atairudia kazi yote bei zitakapobadilika.