Viti viwili vya Safaricom

Ukitazama viongozi wa Safaricom ya Kenya tangu mwaka 2000, kiti cha mkurugenzi mkuu kinaonekana kutulia. Michael Joseph alikikalia miaka kumi, M-Pesa ikazaliwa mikononi mwake mwaka 2007. Mwishoni mwa 2010 alimpokea Bob Collymore, aliyefariki tarehe 1 Julai 2019 akiwa bado kazini. Bodi ikamrudisha Joseph kushika nafasi kwa muda, mpaka Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kuteuliwa rasmi, alipoanza Aprili 2020. Kwa hiyo anayechora historia hii asimhesabu Joseph mara moja tu, wala asiupe muhula wake wa muda uzito sawa na ule wa kwanza.

Kiti cha mwenyekiti wa bodi ndicho kinachonivutia zaidi. Nicholas Ng'ang'a alikiacha mwaka 2020, Joseph akakirithi. Agosti 2022 akaja John Ngumi. Desemba mwaka huohuo akaondoka, na Adil Khawaja akashika. Miezi minne tu! Katikati yake, Kenya ilikuwa imebadilisha rais. Serikali wakati huo ilimiliki asilimia 35 ya hisa, nayo huleta wajumbe wake kwenye bodi. Ndiyo maana tarehe za bodi husomwa sambamba na kalenda ya uchaguzi na orodha ya wenye hisa, ambavyo taarifa ya kuondoka kwa mwenyekiti mara nyingi havitaji.