Dang'a na Mabadiliko ya Maziwa ya Mama Katika Nyanda za Ufipa

Mama aliyejifungua salama, bila upasuaji, huruhusiwa kutoka wodini baada ya saa 24 hivi, na kwa hiyo mama wengi wanaojifungulia Sumbawanga hurudi nyumbani katika siku ambayo matiti bado ni laini na kinachotoka kwenye chuchu ni matone machache mazito yenye rangi ya njano. Maziwa meupe na mengi huanza kushuka kati ya siku ya pili na ya tatu, wakati mama yuko mikononi mwa bibi na mama mkwe, wala hakuna mkunga karibu wa kueleza kinachoendelea. Hapo ndipo hitimisho kwamba maziwa hayajaja huingia kwa urahisi, na pamoja nalo maji ya sukari au uji mwepesi, ingawa katika saa hizo mtoto anakuwa anapata kile hasa alichoandaliwa.

Matone hayo ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ambayo titi huanza kuyatengeneza tangu miezi ya kati ya ujauzito. Vipimo vilivyofanywa kwa kumpima mtoto uzito kabla na baada ya kunyonya vinaonyesha kwamba katika siku ya kwanza mtoto hupata kwa wastani mililita 37 tu, sawa na vijiko saba vya chai kwa saa 24 nzima, siku ya pili kiasi hicho huongezeka zaidi ya mara mbili, na siku ya tatu hufikia mililita 400 hivi. Kila mnyonyo wa siku ya kwanza humpa mililita mbili hadi kumi. Uchache huo unalingana na tumbo la mtoto mchanga, ambalo ni dogo, na unampa muda wa kujifunza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio kabla maziwa hayajawa mengi.

Sababu ya dang'a kuwa zito na la njano iko ndani ya titi lenyewe. Maziwa hutengenezwa katika vifuko vidogo sana vilivyozungukwa na seli, na siku za mwanzo seli hizo bado zina mianya kati yake, hivyo chumvi na protini za kinga hupita kwa wingi, ilhali laktosi, yaani sukari ya maziwa, ni kidogo, na mafuta pia hayajafikia kiwango chake cha baadaye. Rangi hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Protini iliyo muhimu kuliko zote humo ni kingamwili aina ya A, ambayo haikusudiwi kuingia katika damu ya mtoto, bali hubaki juu ya utando wa utumbo wake na kuvizuia vijidudu visijishikize hapo.

Wafugaji wa Ufipa wanajua kwamba ndama asiyepata dang'a la ng'ombe mapema huenda asiishi, na wanajua kweli, ila sababu yake ni nyingine. Ndama huzaliwa karibu bila kingamwili yoyote na hulazimika kuzifyonza kutoka katika dang'a hadi kwenye damu ndani ya siku moja, kabla utumbo wake haujafunga njia hiyo. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za damu kupitia kondo la nyuma akiwa bado tumboni, kisha dang'a humlinda utumbo. Kwa hiyo kukamua dang'a na kulimwaga kwa kudhani kuwa ni maziwa machafu humnyima mtoto kinga asiyoweza kuipata kwingine, na kumpa maji badala yake humwingizia vijidudu mahali hapo hapo palipokosa ulinzi.

Kinachoyashusha maziwa mengi ni kutoka kwa kondo, kwa sababu kondo ndilo lililokuwa likizalisha projesteroni, homoni inayoyazuia wakati wa ujauzito. Homoni hiyo ikishuka, mianya kati ya seli hufunga, laktosi huongezeka na kuvuta maji, na matiti hujaa. Uzazi wa kwanza na upasuaji unaweza kuchelewesha hatua hii kwa siku moja au zaidi, na kipande cha kondo kilichobaki ndani kinaweza kuizuia kabisa. Ikiwa siku tatu zimepita na matiti hayajajaa, au siku ya tano choo cha mtoto bado ni cheusi badala ya njano na mkojo haufiki mara sita kwa siku, mama na mtoto wanapaswa kurudi kituoni.

Baada ya hapo mabadiliko hutokea ndani ya mnyonyo mmoja. Titi likiwa limejaa, matone ya mafuta hujishikiza kwenye kuta za vifuko na mifereji, hivyo maziwa yanayotoka mwanzo huwa mepesi, na kadiri titi linavyopungua ndivyo mafuta yanavyozidi kubanduka, mpaka maziwa ya mwisho yakawa na mafuta mara mbili au tatu ya yale ya mwanzo. Hakuna dakika ambapo aina moja huisha na nyingine kuanza. Kinachoamua ni jinsi titi lilivyojaa, wala saa ya ukutani haina neno hapa.

Mfano ulio karibu ni wa mama anayeondoka saa 1 asubuhi kwenda shambani na kumkuta mtoto saa 7 mchana, matiti yakiwa yamejaa na kuuma. Maziwa yanayotangulia kutoka ni mepesi, yenye rangi inayoelekea bluu, na huonekana kama yaliyoharibika kwa jua au kwa kazi, kumbe ni mazima. Kwa haraka ya kuyapunguza, mama huenda akambadilishia mtoto titi baada ya dakika chache, na mtoto akajaza tumbo kwa maziwa ya mwanzo ya matiti yote mawili. Laktosi nyingi ikipita upesi bila mafuta ya kutosha, sehemu yake hufika kwenye utumbo mpana bila kumeng'enywa na kuchachuka humo, hivyo mtoto akalia kwa gesi na kutoa choo cha kijani chenye povu ingawa uzito wake unaongezeka. Kinachohitajika ni kumwacha amalize titi la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo apewe la pili akilitaka, na mnyonyo unaofuata uanzie upande mwingine.

Wasiwasi wa kuhesabu mafuta ya kila mnyonyo, hata hivyo, hauna msingi kwa mtoto anayenyonya anapotaka. Utafiti wa Jacqueline Kent na wenzake huko Australia Magharibi, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuatilia watoto 71 kwa saa 24 na kukuta kwamba jumla ya mafuta waliyoyapata haikutegemea idadi ya minyonyo. Anayenyonya mara nyingi hulikuta titi halijajaa, na maziwa yake huanza yakiwa na mafuta zaidi.

Mabadiliko ya miezi huenda polepole zaidi. Protini, ambayo katika dang'a huzidi gramu 20 kwa lita, hushuka hadi gramu 10 hivi katika wiki za mwanzo na kufikia gramu 8 karibu na mwezi wa sita, kwa kuwa kasi ya mtoto kukua nayo hupungua. Zinki hushuka kwa kasi zaidi, na madini ya chuma huwa machache tangu mwanzo, kwani mtoto hutumia akiba aliyozaliwa nayo, ambayo huelekea kuisha kwenye mwezi huo wa sita. Chakula cha mama hakiwezi kurekebisha viwango vya zinki na chuma, ingawa hubadilisha vitamini A, vitamini za kundi B na madini joto yaliyomo katika maziwa.

Hapo ndipo Rukwa inapoguswa kwa uchungu. Katika mkoa huu unaovuna mahindi mengi, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi ya kuhara na afya ya mama wakati wa ujauzito, lakini mtoto wa miezi saba anayeongezewa uji wa mahindi mtupu haongezewi kile ambacho maziwa yamepungukiwa, kwa kuwa mahindi yana zinki na chuma kidogo, na fitati iliyomo, ambayo ni kemikali ya punje inayoyafunga madini, huzuia hata hicho kidogo kufyonzwa. Ulezi ulioloweshwa na kuoteshwa kuwa kimea kabla ya kusagwa hupoteza sehemu ya fitati hiyo, na dagaa wa Ziwa Tanganyika waliosagwa na kuchanganywa katika uji huleta chuma na zinki ambazo mwili huzipokea kwa wepesi.

Maziwa yenyewe hayageuki kuwa maji baada ya mwezi wa sita. Mtoto wa miezi sita hadi minane huhitaji kilokalori 600 hivi kwa siku, na katika hizo, maziwa bado hutoa 400.